Walielewana mtoni Hawkesbury, lakini lugha yao ilikuwa moja?

Mwezi Aprili 1791, Gavana Arthur Phillip aliongoza msafara kutoka Rose Hill, mahali panapoitwa leo Parramatta, magharibi mwa Sydney, kwenda kuuchunguza Mto Hawkesbury. Wenyeji wawili wa pwani, Colbee na Boladeree, walifuatana naye. Huko mtoni walikutana na watu wa bara, akiwemo Gombeeree na mganga Yellomundee. Ofisa mmoja wa msafara, Watkin Tench, aliyategea masikio mazungumzo yao, na aliyoyasikia akayatia katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1793.

Tench aliona kwamba pande zote mbili zilizungumza bila taabu. Hata hivyo maneno yao ya kila siku hayakufanana, naye akaandika orodha fupi kuonyesha tofauti hiyo. Mwezi wa angani kwa watu wa pwani ulikuwa yenadah, kwa watu wa mtoni condoen. Sikio lilikuwa goray upande mmoja na benna upande wa pili. Tumbo lilikuwa barang kwa hawa, bindee kwa wale. Maneno machache yalitofautiana kwa sauti tu: paja lilikuwa tara na dara, nywele deewara na keewara. Hukumu yake ikawa kwamba hizo ni lahaja mbili za lugha moja.

Wanaisimu bado wanajadili namna ya kuifikia hukumu kama hiyo. Kigezo kinachotajwa mara nyingi ni kuelewana: wakielewana, lugha ni moja, wasipoelewana, lugha ni mbili. Shida ni kwamba watu huelewana kwa sababu mbili zisizofanana. Huenda misemo yao imekaribiana kiasi kwamba hata mgeni asiyewahi kuisikia ataifuata. Au huenda misemo iko mbali, ila watu wameoana, wamefanya biashara na kutembeleana mpaka kila mmoja amejifunza ya mwenzake. Mtu anayejua Kijaluo na Kiluhya anawaelewa wote, na hilo halizigeuzi lugha hizo kuwa moja.

Tench mwenyewe aliacha fununu. Aliandika kwamba kila upande ulionekana kuyajua maneno ya upande wa pili, ingawa katika kusema kila mtu alishika ya kwao. Hiyo ni dalili ya kujifunza. Tena alishangaa kuziona tofauti hizo wakati mto hauko mbali: alikadiria maili 38 kutoka pwani, yaani kilomita 61 hivi, na maili 20 tu kutoka Rose Hill, ambako lahaja ya pwani ilisemwa. Watu wa umbali huo hukutana.

Kuzitenganisha sababu hizo mbili ndiyo kazi ya jaribio. Njia iliyoenea zaidi ilikomazwa Meksiko, na Eugene Casad akaieleza katika kitabu cha mwaka 1974. Mpimaji anarekodi mzee wa kijiji A akisimulia tukio lililomkuta, kwa dakika mbili au tatu. Ngano haifai, kwa sababu anayeijua atajibu bila kusikiliza. Kisha yanatungwa maswali kama kumi, nayo yanaulizwa kwa msemo wa msikilizaji mwenyewe, ili asikwame kwenye swali badala ya hadithi. Kwanza wanapimwa watu wa kijiji A wenyewe. Swali linalowashinda hao ni swali baya, linatupwa. Ndipo rekodi inapelekwa kijiji B, wakasikilize watu wasiopungua kumi, mmoja mmoja.

Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme bibi mmoja wa Lamu anasimulia kwa Kiamu jinsi mashua ilivyopinduka, na rekodi inapelekwa Kariakoo, Dar es Salaam. Atasema ndia badala ya njia, mato badala ya macho, na kumwita mtu kwa ndoo badala ya njoo. Mara ya kwanza msikilizaji atadhani anaambiwa ndoo ya maji. Swali likiwa "Mjomba alimwambia nini yule kijana?", yule aliyeshika mkondo wa habari atajibu "Alimwambia aje", na asiyeushika ataleta habari za maji.

Sasa tuseme wastani wa wasikilizaji kumi ni asilimia 75. Peke yake, namba hiyo haituambii kitu. Kama wote wamepata kati ya 65 na 85, bila kujali umri wala safari zao, basi kuelewa kwao kunatoka katika ukaribu wa misemo yenyewe. Lakini kama watano wamepata 100 na watano wamepata 50, tuulize nani ni nani. Tukikuta wale wa 100 wamewahi kuishi Lamu au wameoa huko, tumepima safari zao, hatukupima lugha. Ndiyo maana wapimaji huangalia mtawanyiko wa alama. Kipimo chake kikizidi takriban 15, wanashuku kwamba kuna kujifunza ndani yake.

Mwelekeo nao una maana. Watu wa Lamu watafuata rekodi ya Dar kwa urahisi, kwa kuwa Kiswahili sanifu wamekisoma shuleni na wanakisikia redioni. Alama zao haziwezi kuthibitisha ukaribu. Za Kariakoo ndizo zenye ushahidi, na bora zaidi zitoke kwa watu wasiotembea sana.

Wala haitoshi kuwauliza watu, "Je, mnawaelewa wale?" Mwaka 1959 Hans Wolff alieleza kisa cha Delta ya Naija: Wanembe walikiri kuwa wanawaelewa majirani zao Wakalabari, ilhali Wakalabari, waliokuwa na nguvu na mali zaidi, walikana kuwaelewa Wanembe. Misemo ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni heshima. Swali kuhusu mashua iliyopinduka haliachi nafasi kubwa ya majivuno.

Tukirudi Hawkesbury, udhaifu wa ushahidi wa Tench unaonekana wazi. Orodha yake ni ya maneno aliyoyachagua kwa sababu yanatofautiana, kwa hiyo hatuwezi kukokotoa asilimia ya ufanano kutoka humo. Alimwona pia Yellomundee akimtibu Colbee jeraha la mkuki kwa kulinyonya kifuani, lakini tiba ya namna hiyo inaweza kufanyika kwa ishara. Tena ndui ilikuwa imeingia Sydney mwaka 1789 na kuua watu wengi mno. Phillip alikadiria nusu ya wenyeji. Waliosalia walilazimika kujiunga na jamaa nyingine, na huenda ndivyo misemo ilivyozidi kuzoeleka.

Leo jaribio haliwezi kufanyika tena, maana hakuna aliyelelewa katika lahaja mojawapo bila Kiingereza. Kilichobaki ni maandishi, hasa madaftari ya William Dawes ya miaka ya 1790 na 1791 yaliyohifadhiwa London, pamoja na ulinganishaji wa sarufi na msamiati. Kwa njia hiyo Arthur Capell, mwaka 1970, aliziweka lahaja za pwani na za bara katika lugha moja, na Jakelin Troy akazikusanya pamoja katika kitabu chake kuhusu lugha ya Sydney cha mwaka 1993.

Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya busara, kwa sababu imesimama juu ya umbo la lugha na si juu ya mazungumzo ya jioni moja kando ya mto. Lakini wanaofufua lugha hiyo leo wana haki ya kujua kila neno limetoka upande gani, maana Colbee na Gombeeree, waliojua maneno ya pande zote mbili, bado kila mmoja alichagua ya kwao. Kamusi iandike goray na benna zote mbili, na ioneshe wenye kila neno.