Shaba na Chuma Vinapolilemea Ini

Kijana wa miaka 16 anatetemeka mikono, mwandiko umeharibika, na shuleni wanamwona mzembe. Daktari wa macho akimmulika anaona pete ya kahawia kuzunguka sehemu nyeusi ya jicho. Hiyo ni shaba, na ugonjwa ni wa Wilson. Amerithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama, hivyo ini linashindwa kutoa shaba kupitia nyongo; inalijaa, kisha inafika ubongoni. Dawa ni za maisha, na kuziacha ghafla ni hatari.

Hemokromatosisi ni ya chuma: utumbo hufyonza kupita kiasi. Tiba yake, ajabu, ni kutolewa damu, kama nusu lita kila mara.

Ndugu wa tumbo moja wapimwe hata wasipoumwa. Kwa kawaida kila mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4.