Barua pepe ya kabla ya Jumatatu

Mkataba umeshasainiwa, Jumatatu anaanza kazi, na tangu siku ya kusaini ofisi iko kimya. Mwajiriwa mpya hajui aingilie geti lipi, wala kama avae tai. Barua pepe moja fupi inatosha kuondoa wasiwasi huo. Anayefaa kuiandika ni mkuu wa kitengo, kwa kuwa ndiye atakayefanya naye kazi kila siku. Aitume Jumatano au Alhamisi, maana ikitumwa Ijumaa jioni, maswali yatakosa wa kuyajibu.

Tuseme ofisi moja ya Kinondoni, Dar es Salaam, inampokea mhasibu msaidizi anayehamia kutoka Morogoro. Barua yake ingeweza kusomeka hivi:

"Habari za leo. Tumefurahi sana kwamba unajiunga nasi Jumatatu. Sisi huanza saa 2 asubuhi, lakini wewe njoo saa 3, tuwe tumeshatulia. Ukija kwa mwendokasi, shukia kituo cha Morocco, ramani nimeiambatanisha. Mlinzi atakuwa na jina lako getini, nami nitashuka kukupokea. Njoo na namba ya NIDA, TIN, namba ya NSSF kama unayo, na namba ya akaunti ya benki, ili mshahara wa kwanza usikwame. Tai si lazima. Mchana tutakula pamoja, na siku hiyo usijali bili. Ukipotea njia, nipigie kwa namba iliyo hapa chini. Karibu sana."

Neno "karibu" limeandikwa mara moja tu, na wala halikuhitaji kurudiwa. Ukarimu wenyewe uko kwa mlinzi aliyepewa jina mapema na kwa bosi atakayeshuka ngazi.

Saa ndiyo huvuruga wengi. Kalenda ya kompyuta huonyesha 9:00, mwandishi akainakili "saa 9 asubuhi", na mgeni akabaki kukisia. Andika saa 3 asubuhi, uhakikishe mwaliko wa kalenda nao unaonyesha 9:00, si 3:00.

Usiambatanishe kanuni zote za ofisi; atazisoma akifika. Kazi atakayofanya, saa za kazi na mshahara navyo si vya barua hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo hayo kwa maandishi anapoanza kazi, na kwa kawaida huwa ndani ya mkataba. Barua ya makaribisho ikiyagusa tena kwa maneno tofauti, italeta ubishi.

Halafu kuna matapeli, ambao hutuma barua za ajira na kudai fedha za sare au mafunzo. Kwa hiyo tumia anwani rasmi ya ofisi, si ya binafsi, na usidai malipo yoyote. Nawe uliyeajiriwa, ukiombwa pesa ili uanze kazi, usitume. Piga simu ofisini kwa namba uliyoipata siku ya usaili.