Nani Anamaliza Intaneti ya Nyumbani?

Intaneti ikizidi kusuasua jioni, lawama humwangukia kijana mwenye simu. Ruta inaweza kutoa ushahidi, maana data yote ya kwenda na kutoka nje hupita humo. Kompyuta yako haiwezi. Yenyewe huona zaidi mambo yake tu.

Kila kifaa kina anwani yake ya ndani. Kwenye ruta inayotumia Linux na iptables, unaweka kanuni isiyoamuru lolote, ya kuhesabu tu. Tuseme televisheni ni 192.168.1.23:

```
iptables -I FORWARD -d 192.168.1.23
iptables -L FORWARD -v -n -x
```

Mstari wa kwanza unahesabu kinachoingia kwenye televisheni. Kwa kinachotoka, ongeza kanuni yenye `-s`. Wa pili unaonyesha hesabu. Jumla yenyewe haisemi mengi, kwa hiyo soma mara mbili. Ikiwa safu ya `bytes` ilikuwa 412000000 na baada ya sekunde 60 ni 487000000, zimepita baiti milioni 75. Zidisha kwa 8, gawa kwa 60: megabiti 10 kwa sekunde. Fanya hivyo kwa kila anwani, mkosaji atajitokeza.

Tahadhari: ruta hugawa anwani upya, na namba ya jana huenda leo ni ya simu ya mgeni. Itengee kila kifaa anwani ya kudumu kwanza. Tena, hesabu hii haioni IPv6; huko tumia `ip6tables`. Na kaunta ikikaa palepale huku video inacheza, huenda ruta inapitisha pakiti kwa njia ya mkato, izime unapopima.