Usipakie fomu ya hospitali mtandaoni kabla ya kujaribu hili

Mama ameruhusiwa kutoka hospitali na fomu ya kurasa mbili. Kaka yuko mkoani, anataka kujua dawa alizoandikiwa. Binti anayemuuguza Dar es Salaam hana muda wa kuchapa yote kwa kidole, hivyo anatafuta tovuti inayogeuza picha kuwa maandishi. Anapakia picha, anakopi maandishi, anatuma WhatsApp. Chap, kazi imeisha.

Lakini kaka alihitaji mistari minne tu ya dawa. Tovuti imepewa jina la mama, umri, namba ya simu, namba ya bima na ugonjwa wake.

Picha inakwenda wapi?

Tovuti nyingi za aina hii hazisomi picha ndani ya simu. Zinaituma kwenye kompyuta ya mwenye tovuti, ambayo huenda iko nchi nyingine, kisha zinarudisha maandishi. Alama ya kufuli juu ya kivinjari inaonyesha tu kwamba picha inalindwa ikiwa njiani. Haisemi ikifika inakaa muda gani wala nani anaiona.

Zipo pia zana zinazosoma picha ndani ya simu yenyewe. Mfano ni Live Text ya iPhone, inayopatikana kuanzia iPhone XS zenye iOS 15 au toleo jipya zaidi.

Jaribio la hali ya ndegeni

Kujua zana yako ni ya aina gani, fungua ukurasa wake usubiri umalizike kupakia. Kisha washa hali ya ndegeni, na hakikisha Wi-Fi nayo imezimwa. Sasa mpe picha isiyo na siri, kwa mfano pakiti ya unga.

Maandishi yakitokea, kazi imefanyika ndani ya simu. Ikizunguka tu au ikidai mtandao, huenda picha zako zinatumwa nje.

Jaribio hili lina mpaka wake. Programu inaweza kutunza picha na kuituma mtandao ukirudi. Kwa hiyo usiingie kwa akaunti yako, na ukimaliza futa historia yake. Kama ni tovuti, funga ukurasa kabla ya kuwasha data.

Ziba kwanza, piga picha baadaye

Kama zana pekee uliyonayo ni ya mtandaoni, ziba karatasi kabla ya kupiga picha. Binti yule angefunika sehemu ya juu ya fomu kwa karatasi nene, akaacha sehemu ya dawa peke yake. Mistari minne ya dawa isiyo na jina haimtaji mtu.

Kuziba kwa kalamu ya kuhariri picha kuna mtego. Baadhi ya kalamu za simu hupitisha mwanga kidogo. Ukipaka mara moja panaonekana peusi, lakini mtu akiongeza mwangaza wa picha namba inaweza kusomeka tena.

Mtego wa pili ni kwamba taarifa hujirudia. Kwenye pasipoti, mistari miwili ya herufi na alama iliyo chini ya ukurasa wa picha ina jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiziba jina juu ukaiacha hiyo, hujaficha kitu. Namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Na kama unachotaka ni namba hiyo tu, ichape mwenyewe. Haifiki hata dakika moja.

Pia zima ruhusa ya mahali kwenye kamera, maana picha iliyopigwa nyumbani inaweza kubeba ramani ya nyumbani.

Ukishapata maandishi, yalinganishe na karatasi. Nukta ikipotea, miligramu 2.5 inakuwa 25.

Umeshapakia tayari?

Tafuta kitufe cha kufuta kwenye tovuti hiyo. Kisipokuwepo, waandikie wamiliki kuomba picha ifutwe, na utunze nakala ya ombi hilo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayoweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ila mwenye tovuti akiwa nje ya nchi na hana hata anwani, kumfuatilia ni kazi ngumu. Namba ya bima pengine inaweza kubadilishwa. Jina la ugonjwa likishatoka, halirudi.