Rejesta za picha: Jinsi mwanafunzi mgeni anavyogeuzwa mtoro

MWANAFUNZI aliyehamia shuleni katikati ya muhula anaweza kuonekana mtoro sugu katika taarifa ya mahudhurio, ilhali amekosa siku nne tu. Kosa hilo huzaliwa pale picha za kurasa za rejesta, zilizopigwa kwa simu darasa baada ya darasa, zinapoingizwa katika jedwali moja la kompyuta.

Tuchukue mfano wa Darasa la Nne lenye siku 60 za masomo katika muhula. Mwanafunzi mmoja alianza siku ya 21, akahudhuria siku 36. Karani mwenye haraka hugawa 36 kwa 60 na kupata asilimia 60. Hesabu sahihi ni 36 kwa siku 40 alizokuwa ameandikishwa, yaani asilimia 90.

Kwa sababu hiyo, kila kisanduku hupewa alama yenye maana moja: 1 kwa aliyefika, 0 kwa asiyefika, kistari kwa siku ambazo hakuwa ameandikishwa, na alama ya kuuliza pale wino usiposomeka pichani. Majina yakikaa safu A hadi C, na siku 60 zikaanzia D hadi BK, fomula ni hii:

```
=COUNTIF(D2:BK2,1)/(COUNTIF(D2:BK2,1)+COUNTIF(D2:BK2,0))
```

Fomula huhesabu 1 na 0 pekee. Alama za kuuliza zikiwa nyingi, asilimia hiyo isitumike hadi mwalimu wa darasa alifungue daftari lenyewe.

Kosa la pili ni kuteleza kwa mstari. Ukurasa ukipigwa picha kiupande, au majina yakibaki ukurasa wa kushoto na siku zikawa wa kulia, mahudhurio ya Asha huangukia kwa Juma. Wengi hulinganisha idadi ya waliofika kila siku na ile aliyoandika mwalimu chini ya ukurasa. Hiyo haitoshi, kwani watoto wawili wakibadilishana mistari, jumla ya siku haibadiliki. Sharti zilinganishwe pia jumla za kila mwanafunzi, iwapo mwalimu aliziandika.

Linabaki suala la watoro. Marekani, anayekosa asilimia 10 au zaidi ya siku za masomo huhesabiwa kuwa mtoro wa kudumu. Kwa kipimo hicho, wanafunzi wawili wenye siku 51 kati ya 60, yaani asilimia 85, wote wanaingia orodhani. Lakini mmoja alikosa siku tisa mfululizo, na mwingine alikosa Ijumaa saba na siku mbili nyingine. Wa kwanza huenda aliugua. Kwa wa pili, mzazi aulizwe kuna nini nyumbani kila Ijumaa, pengine ni siku ya gulio. Asilimia peke yake haiwatofautishi, hivyo pembeni mwa jedwali huongezwa safu mbili: siku nyingi zaidi alizokosa mfululizo, na siku ya wiki anayoikosa mara nyingi.