Bei ya Opsheni Ina Sehemu Mbili

Katika soko la opsheni la Chicago, lililofunguliwa mwaka 1973, opsheni moja ya kununua kwa kawaida hubeba hisa 100. Tuseme hisa ya kampuni fulani inauzwa dola 52. Opsheni inayompa mwenye nayo haki ya kuinunua kwa dola 50, wakati wowote ndani ya miezi mitatu, inauzwa dola 3.50 kwa kila hisa. Dola hizo zimetoka wapi?

Dola 2 ni thamani halisi: 52 kutoa 50. Bei haiwezi kukaa chini ya hapo kwa muda mrefu. Ingeshuka hadi dola 1.50, mfanyabiashara angeinunua, akachukua hisa kwa 50 na kuiuza papo hapo kwa 52, akibaki na senti 50 kabla ya ada. Wengi wangekimbilia faida hiyo, na bei ingepanda.

Dola 1.50 iliyobaki ni thamani ya muda. Hisa ikipanda hadi 60, haki hiyo itakuwa na thamani ya dola 10. Ikianguka hadi 40, mnunuzi hapotezi zaidi ya 3.50 aliyolipa. Nafasi hiyo ndiyo anayoilipia, na hisa inayoyumba sana huiongezea bei.

Hapa ndipo wengi huumia. Hisa ikibaki 52 hadi siku ya mwisho, opsheni itakuwa na dola 2 tu. Kwa hisa 100, dola 150 zimeyeyuka, ingawa hisa yenyewe haikushuka hata senti moja.