Shilingi 972,000 Zimekwenda Wapi? Mtihani Unaowakwamisha Wahasibu Kwenye Usaili

Siku hizi, katika usaili wa kazi ya uhasibu, maswali ya kujieleza huisha mapema. Baada ya hapo msailiwa anapewa karatasi mbili na kalamu, anaachwa peke yake kwa nusu saa. Karatasi ya kwanza ni daftari la benki la kampuni, yaani fedha zilizoingia na kutoka kama mhasibu alivyoziandika mwenyewe. Ya pili ni taarifa ya benki ya mwezi huohuo. Daftari linasema kwamba tarehe 31 Machi kampuni ilikuwa na shilingi 12,460,000. Benki inasema 13,432,000. Anaulizwa: kampuni ina fedha kiasi gani hasa, na kwa nini karatasi hizi mbili hazikubaliani?

Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya makala haya, lakini mtihani wenyewe ndivyo ulivyo, na mimi huwa upande wa wanaousimamia. Wengi wanaokuja wanaweza kueleza usuluhishi wa hesabu za benki neno kwa neno kama walivyousoma kwa ajili ya mitihani ya NBAA au ya KASNEB. Wakishapewa karatasi, wanakimbilia kutoa 12,460,000 katika 13,432,000, wanapata 972,000, kisha wanaanza kuwinda kiasi hicho ukurasa mzima. Hawakipati, kwa sababu hakuna muamala wa 972,000. Tofauti hiyo ni mkusanyiko wa mambo kadhaa, mengine yanaongeza na mengine yanapunguza.

Anayeijua kazi haanzi na kutoa. Anachukua kalamu na kuweka alama ya vema. Mstari mmoja wa daftari, anautafuta kwenye taarifa ya benki, akiukuta anaweka alama pande zote mbili. Akimaliza ukurasa, vilivyobaki bila alama ndivyo kazi yenyewe.

Katika mfano wetu, daftari linabaki na vitu viwili ambavyo benki haijaviona. Kuna hundi ya 1,350,000 aliyopewa msambazaji tarehe 29 Machi, naye hajaipeleka benki. Kuna pia mauzo ya 840,000 yaliyopelekwa benki jioni ya tarehe 31, yakaingizwa kwenye akaunti siku ya pili. Upande wa benki nako kuna viwili ambavyo daftari halina: makato ya benki ya 48,000, na 600,000 ambazo mteja alizituma moja kwa moja kwenye akaunti bila kumwambia mtu.

Sasa kila upande unarekebishwa kwa kile usichokijua. Benki haijui hundi wala mauzo ya jioni, kwa hiyo 13,432,000 tunaitoa 1,350,000 na kuiongeza 840,000, tunapata 12,922,000. Daftari halijui makato wala fedha za mteja, kwa hiyo 12,460,000 tunaitoa 48,000 na kuiongeza 600,000, tunapata 13,012,000. Pande hizo zingepaswa kukutana hapo. Hazikutani. Daftari limezidi kwa 90,000.

Hapa wasailiwa wengi hukata tamaa au, vibaya zaidi, huandika mstari wa “marekebisho 90,000” ili karatasi ifunge. Ni hapa pia ambapo mtu makini huanza kung'ara, kwa sababu kiasi kilichobaki kina habari ndani yake. Tisini elfu inagawanyika kwa 9 bila baki, na tarakimu mbili zinapobadilishana nafasi wakati wa kuandika, tofauti inayotokea lazima igawanyike kwa 9. Ukigawa 90,000 kwa 9 unapata 10,000. Hiyo inakuelekeza kwenye nafasi ya makumi elfu na jirani yake ya malaki, na ile 1 iliyo mbele inasema tarakimu zilizobadilishana zinapishana kwa moja tu: 120,000 na 210,000, au 340,000 na 430,000, au 450,000 na 540,000. Kuna kidokezo kingine: daftari ndilo lililozidi, kwa hiyo ama kuna malipo yaliyoandikwa pungufu, ama kuna mapokezi yaliyoandikwa zaidi. Msako wa kurasa nzima umekuwa msako wa mistari michache. Anarudi kwenye malipo na kukuta hundi ya 540,000 ambayo daftarini imeandikwa 450,000. Aliiwekea alama ya vema mwanzoni, kwa kuwa jina la mlipwaji na namba ya hundi vililingana, na jicho likapitiliza tarakimu. Akitoa 90,000, daftari nalo linasoma 12,922,000.

Kanuni ya 9 inahitaji tahadhari moja. Ile 972,000 ya mwanzo nayo inagawanyika kwa 9, ila haihusiani na tarakimu zilizobadilishana. Ni bahati tu. Kati ya namba 9 zinazofuatana, moja hugawanyika. Ndiyo maana kanuni hii hutumiwa mwishoni, baada ya kuondoa yote yanayojulikana, na hata hapo ni kidokezo ambacho lazima kithibitishwe kwa vocha ya malipo na hundi yenyewe. Isipogawanyika kwa 9, jaribu nusu yake. Kiasi kilichoandikwa upande usio wake huzaa tofauti ya mara mbili ya kiasi hicho, kwa hiyo tofauti ya 64,000 inakutuma kutafuta 32,000.

Baada ya hapo msaili huuliza swali ambalo mimi nalithamini kuliko hesabu yenyewe: katika haya matano, yapi yanahitaji kuingizwa vitabuni? Jibu ni matatu tu. Makato ya 48,000 yanakwenda debiti gharama za benki, krediti benki. Fedha za mteja 600,000 zinakwenda debiti benki, krediti akaunti ya mteja huyo. Kosa la 90,000 linakwenda debiti msambazaji aliyelipwa, krediti benki. Hundi ya 1,350,000 na mauzo ya 840,000 haviguswi, maana daftari liliviandika sawasawa na benki ndiyo iliyochelewa. Msailiwa anayetaka kuipunguza ile hundi tena kwenye daftari ameonyesha kwamba amekariri umbo la jedwali bila kuelewa linasema nini.

Vitu hivyo viwili vinafuatiliwa Aprili. Mauzo ya jioni ya tarehe 31 yanapaswa kuonekana kwenye taarifa ya benki siku moja au mbili za kwanza. Yakifika tarehe 10 bila kuonekana, hilo si suala la kuchelewa tena. Mtu anapaswa kuulizwa fedha ziko wapi. Hundi inaweza kukaa zaidi, lakini ikipita miezi 6 kwa kawaida benki haiilipi, na deni linarudi kwenye akaunti ya msambazaji.

Kuna jambo ambalo wasailiwa wachache hulitaja bila kuulizwa. Kabla ya usuluhishi huu, urari wa kampuni ulikuwa umelingana kabisa, debiti na krediti sawasawa. Ile 450,000 iliandikwa kimakosa pande zote mbili, benki na kwa msambazaji, kwa hiyo urari haukuwa na cha kulalamikia. Urari unavilinganisha vitabu na vitabu hivyohivyo. Taarifa ya benki imeandikwa na mtu wa nje ambaye hakuona daftari lako, na ndiyo maana inaweza kufichua kilichokosewa ndani. Kwa sababu hiyo anayefanya malipo hapaswi kuwa ndiye anayefanya usuluhishi. Benki ya Barings ya Uingereza ilianguka Februari 1995 baada ya Nick Leeson, aliyekuwa tawi la Singapore, kuficha hasara katika akaunti namba 88888. Alikuwa anafanya biashara na wakati huohuo anasimamia ofisi iliyoithibitisha. Hasara ilifika pauni milioni 827.

Usuluhishi wa benki ni sehemu moja ya kufunga mwezi, kazi inayofanyika siku za mwanzo za mwezi unaofuata, na kalenda haisubiri. Tanzania, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mishahara inatakiwa kulipwa TRA ifikapo tarehe 7, na ritani ya VAT ifikapo tarehe 20. Sehemu inayowasumbua wengi katika usaili ni gharama ambazo karatasi yake haijafika. Chukua kampuni inayolipia ulinzi 750,000 kila mwezi. Walinzi wamelinda Machi yote, lakini ankara imeletwa tarehe 9 Aprili. Gharama hiyo ni ya Machi. Mhasibu anaandika debiti gharama za ulinzi, krediti madeni yaliyolimbikizwa, na Aprili inapoanza anageuza maandishi hayo ili ankara ikiingia isihesabike mara mbili. Kodi ya pango nayo huenda kinyume chake. Ikilipwa Januari 14,400,000 kwa mwaka mzima, Machi inabeba 1,200,000 tu, na tarehe 31 mizania inaonyesha 10,800,000 kama malipo ya awali.

Ulinzi ukisahauliwa, urari bado utalingana, na hakuna taarifa ya benki itakayolalamika. Unagundua kwa kuipanga akaunti mwezi kwa mwezi: Januari 750,000, Februari 750,000, Machi sifuri, Aprili 1,500,000. Machi imeonekana na faida isiyokuwa yake, na Aprili imebeba mzigo wa miezi miwili. Wasaili wengine humpa mtu jedwali la namna hiyo lenye akaunti ishirini na kumtaka aseme zipi angezihoji kwanza. Anayetafuta kiasi kikubwa kuliko vyote hukosea, maana mishahara ni mikubwa kila mwezi na haina tatizo. Kinachotafutwa ni kilichobadilika bila sababu, na kile ambacho kingepaswa kubadilika kikabaki palepale.

Mtihani ukifanyika kwenye kompyuta, kuna mtego mmoja unaopatikana pia katika kazi halisi. Taarifa iliyopakuliwa benki huja na baadhi ya kiasi vikiwa vimehifadhiwa kama maandishi. Kwa jicho ni namba, lakini `SUM` inavipita kimya na jumla inakuwa ndogo. Mara nyingi vimeegemea kushoto mwa kisanduku badala ya kulia. Kuhakikisha, andika pembeni:

```
=ISNUMBER(C2)
```

Ikijibu `FALSE`, kisanduku hicho hakijajumlishwa.

Swali la mwisho huwa hili: umehangaika, imebaki 2,000, na meneja anataka ripoti saa kumi jioni. Utafanyaje? Kuna wanaojibu kwamba 2,000 ni ndogo, wataitia kwenye makato ya benki. Lakini 2,000 inaweza kuwa ni mapokezi ya 3,002,000 yaliyosahauliwa na malipo ya 3,000,000 yaliyosahauliwa vilevile, vikafunikana. Ninayempendekeza apewe kazi ni yule anayesema ataipeleka ripoti saa kumi, ile 2,000 ikiwa katika mstari wake yenyewe, imeandikwa kuwa haijapatikana maelezo, na chini yake ameorodhesha alichokwisha kukikagua, jina la anayeendelea kuitafuta na tarehe atakayoleta jibu.